UZI: Kenta itoke 5 iwe 6, au Probox itoke 14 iwe 18? Hela ni ya gari moja tu

KentaLaMalindi
Salaam wana barabara. Mie nina magari mawili ya kazi hapa Malindi. Moja ni kenta ya dizeli, yapeleka maembe Mombasa yakiwa msimu, yasipokuwa msimu ni nazi na makuti, ikirudi yabeba simiti na vitu vya duka. Ya pili ni Probox, kijana wangu asambaza mikate mjini mpaka Gede na Watamu. Kenta yaenda kilomita 5 kwa lita, Probox 14. Sasa nimepata hela kidogo lakini ni ya kubadilisha gari moja tu. Kuna jamaa auza kenta yake iko sawa zaidi ya yangu, asema yaenda 6 kwa lita. Na kuna Fielder ya haibridi, mwenye nayo asema eisi ikiwaka bado yampa 18. Nikitoa zile za kuongeza ni karibu hela sawa pande zote. Mie naona Fielder, manake hapo naongeza kilomita 4 kwa kila lita na kenta ni kilomita moja tu. Mke wangu anasema nisiharakishe. Nyie mwaonaje?

Bodaboda_Maweni
Uza zote nunua tuktuk tatu 😂

Mhasibu_Shela
Kaka uko sawa, chukua Fielder na hata usipoteze usiku kufikiria. Hesabu ni hii, sa hii wastani wa magari yako ni 5 jumlisha 14 gawa kwa mbili, yaani 9.5. Ukibadilisha kenta wapata 10. Ukibadilisha Probox wapata 11.5. Na hata ukienda kwa asilimia, 5 kwenda 6 umepanda 20, 14 kwenda 18 umepanda 28 na kitu. Njia zote mbili Fielder imeshinda.

FundiSabaki
Mhasibu heshima yako, lakini hapo umempoteza mwenzio, na umempoteza kwa hesabu safi kabisa ndo ubaya wake.

KentaLaMalindi, hebu wacha hizo kilomita kwa lita kidogo. Wewe hununui kilomita, wanunua lita, na safari ziko pale pale, mikate itafika Gede na maembe yatafika Mombasa gari ikiwa nzuri ama mbovu. Kwa hivyo jiulize, safari ile ile itakula lita ngapi. Chukua Malindi kwenda Mombasa, tuseme 120. Kenta yako ya 5 yanywa lita 24. Ya huyo jamaa ya 6 yanywa 20. Umeokoa lita 4 njia moja. Sasa Probox, safari hiyo hiyo ya 120, kwa 14 ni lita 8.6 hivi, na Fielder kwa 18 ni 6.7. Umeokoa lita 1.9, hata mbili hazifiki.

Kilomita moja ya kenta imeokoa mara mbili ya kilomita nne za Probox.

KentaLaMalindi
Fundi ngoja. Nimepiga kwa simu imekuja hivyo hivyo, 24 na 20, 8.6 na 6.7. Lakini kichwa hakitaki. Nne vipi ishindwe na moja?

FundiSabaki
Manake hizo kilomita hazilingani thamani. Gari ikiwa mlafi kila kilomita unayoiongezea kwa lita yatoa mafuta mengi, na ikiwa yala kidogo tayari haibaki kitu cha kuokoa. Probox yako safari nzima ya Mombasa ni lita 8.6, hata ukiifanya iende kwa maji ya kisima huwezi kuokoa zaidi ya hiyo 8.6.

Ndo maana mie nikilinganisha magari mawili nageuza kwanza yote niweke lita kwa kilomita mia. Wachukua 100 wagawa kwa ile namba yako. 5 yageuka 20, 6 yageuka 16.7, 14 yageuka 7.1, na 18 yageuka 5.6. Hapo sasa toa tu kama unavyotoa chenji: kenta imeshuka 3.3, Probox imeshuka 1.6. Kilomita kwa lita ukizitoa zenyewe kwa zenyewe hupati kitu chenye maana, lita kwa mia ukizitoa wapata lita.

Kuna walimu wawili wa chuo huko Marekani, Larrick na Soll, waliandika jambo hili kwenye jarida la Science mwaka 2008, kule kwao ni maili kwa galoni lakini mtego ni huu huu. Walikuta watu wengi huangalia tofauti ya namba kama ulivyofanya wewe. Kwa hivyo usijione mjinga.

Mhasibu_Shela
Sawa fundi, lita nimeziona. Lakini asilimia utazikataaje? Fielder bado yapunguza sehemu kubwa ya mafuta kuliko kenta. 8.6 kwenda 6.7 ni kama 22 kwa mia. 24 kwenda 20 ni 17 kwa mia. Siwezi kukubali kwamba 17 ni kubwa kuliko 22.

FundiSabaki
Hapo hujakosea hata kidogo, ni 22 kwa 17. Ila 22 ya nini? Ni 22 ya bili ndogo. Asilimia 22 za mfuko wa mtoto na asilimia 17 za mfuko wa baba, utachukua zipi? Asilimia zafaa ukiwa na gari moja wataka kujua dawa gani bora. Ukiwa na magari mawili lazima urudi kwa lita.

Na ule wastani wako wa 9.5, huo ungekuwa kweli kama angekuwa atia lita sawa kila gari. Lita moja hapa, lita moja pale, zimeenda kilomita 19, nusu yake 9.5. Lakini hakuna mtu afanya kazi hivyo. Magari yakienda kilomita sawa, mia na mia, yamekula 20 na 7.1, jumla 27.1 kwa kilomita 200, wastani wa kweli hapo ni 7.4 kwa lita. Gari mlafi lajivuta wastani upande wake.

Mhasibu_Shela
Haya hapo kwa wastani umenipata. Nilikuwa nafanya hivyo kwa magari ya ofisi miaka yote 🙈 usimwambie mtu.

WatamuBlue
Samahani naingilia, mie swali langu lafanana. Gari yangu ni ya Ulaya nimeinunua kwa mtu, kwenye dashibodi yaonyesha wastani 9.1. Nimekuwa nikigombana na fundi wangu miezi minne kwamba gari yakula sana, injini ndogo hii 9 kwa lita kweli? Ameshabadilisha plagi, amesafisha kichujio cha hewa, amesafisha nozeli, na bado 9.1. Cha ajabu nikikanyaga sana na eisi juu yapanda mpaka 11, nikawa nasema kumbe gari hii yataka kuendeshwa kwa nguvu ndo yajisikia vizuri. Sasa nasoma hapa naanza kuogopa.

FundiSabaki
😂😂😂 Yakhe pole. Hebu angalia pembeni ya ile namba pameandikwa nini. Ni km/L ama L/100km?

WatamuBlue
...L/100km.

FundiSabaki
Basi gari yako yaenda karibu 11 kwa lita. 100 gawa kwa 9.1. Na ile siku ilipopanda 11 ukafurahi, hapo ulikuwa umeshuka kwenye 9 kwa lita. Kanunue fundi wako soda.

WatamuBlue
Wallahi sijui nitamwambia nini. Na zile plagi nimelipa.

MamaMikate
Nacheka lakini hata mie ningepotea. Magari ya Japani yaonyesha kilomita kwa lita, ya Ulaya lita kwa mia, mtu ametoka kwa moja kaingia nyingine hawezi kujua.

FundiSabaki
Na amepotea mahali pabaya zaidi dada. Karibu na 10 namba hizo mbili zapishana, 10 kwa lita ndiyo hiyo hiyo 10 kwa mia. Kwa hivyo gari ya kawaida ikionyesha 9 ama 11 yote mawili yaaminika. Ingeonyesha 5.5 angeshtuka, ingeonyesha 17 angeshtuka.

Kama maandishi ya pembeni hayaonekani ama dashibodi ni ya Kijapani tupu, weka ile ya mafuta ya papo kwa papo, sio ya wastani, halafu ukiwa barabarani achia mguu gari ijiendee na gia yake. Ikiwa namba yashuka hadi 0.0 hiyo ni lita kwa mia. Ikiwa yaruka juu hadi mwisho, hiyo ni kilomita kwa lita. Usijaribu ukiwa umesimama injini yawaka, magari mengine yakisimama yabadilisha yaonyesha lita kwa saa na utazidi kuchanganyikiwa.

Nahodha_Amu
Hiyo lita kwa saa ndiyo yetu sisi. Huku Amu barabara ni za punda na punda hanywi petroli alhamdulillahi. Mie nina boti ya injini ya nje, mimi sijui kilomita, najua saa moja mguu nusu yala ngapi na mguu wote yala ngapi. Sasa fundi, nikitaka kulinganisha boti yangu na ya ndugu yangu ambayo ina injini kubwa zaidi, nafanyaje? Yake kwa saa yala zaidi ya yangu lakini afika Mokowe mimi bado niko katikati.

FundiSabaki
Nahodha, lita kwa saa peke yake haitakwambia. Fanyeni safari moja, Mokowe kuja Amu na kurudi, mzigo sawa, siku moja maji yakiwa sawa, kila mmoja ajaze kabla na ajaze baada. Aliyetia lita kidogo ndiye, hata kama kwa saa ala zaidi. Kwa boti siendi mbali zaidi ya hapo, mkondo na upepo mwavijua nyie.

Nahodha_Amu
Maji kuwa sawa siku nzima huku ni ndoto, lakini nimekufahamu.

DerevaGarsen
Mie nitawapinga kidogo nyote mwalisema vibaya kilomita kwa lita kana kwamba haina kazi. Naenda Mokowe kutoka Malindi kila wiki, Garsen, Gamba, Witu, Hindi. Nikiwa njiani sishughuliki na lita kwa mia. Nataka kujua nina lita 10 kwenye tangi, gari 12 kwa lita, basi nina kilomita 120, nafika ama sifiki. Ukinipa 8.3 kwa mia hapo nitasimama kando nianze kugawa na jua hilo.

FundiSabaki
Hapo nakubali mia kwa mia. Mafuta unayo, wauliza yatakufikisha wapi, hiyo ni kilomita kwa lita. Safari unayo, wauliza itakula ngapi, hiyo ni lita kwa mia. KentaLaMalindi swali lake ni hilo la pili.

KentaLaMalindi
Sawa sasa nimeelewa wallahi, nimemsomea na mke wangu. Lakini kuna kitu mwanisahaulia, magari yangu hayaendi sawa. Kenta yaenda Mombasa mara mbili kwa wiki, kwenda na kurudi, kwa mwezi ni kama 2,000. Probox yazunguka kila siku, kama 2,500. Hapo vipi?

FundiSabaki
Ndo swali zuri hilo, na ndo hapo lita kwa mia yakufanyia kazi rahisi. Kenta kilomita 2,000 ni mia ishirini, kila mia waokoa 3.3, kwa mwezi lita 67 hivi. Probox 2,500 ni mia ishirini na tano mara 1.6, lita 40. Kenta bado iko mbele. Ili Fielder ifike hapo Probox ingebidi iende zaidi kidogo ya mara mbili ya kenta, yaani kama 4,200 kwa mwezi. Mikate ya Malindi haitembei hivyo.

Halafu usimalizie kwa lita, malizia kwa shilingi. Kenta ni dizeli na Probox ni petroli, bei si moja. Subiri EPRA watangaze tarehe 14, chukua bei ya hapa Malindi, zidisha kila moja na yake.

MamaMikate
Na nyongeza, huyo wa Fielder amesema 18, lakini kwenye matangazo ya Japani gari hiyo imeandikwa 30 na kitu. Mbona mwafanya hesabu kwa 18?

FundiSabaki
Zile za matangazo zapimwa ndani kwenye mashine, sio kwa eisi na joto letu na matuta ya hapa. 18 ya mtu anayeiendesha naiamini zaidi. Na hata tukikubali 33, kutoka 18 mpaka 33, kilomita 15 nzima, ni lita 2 na nusu tu kwa mia. Bado ni chini ya ile kilomita moja ya kenta.

DerevaGarsen
Fundi, mie kitu kimoja chanisumbua kwa hesabu yako yote. Kila kitu kimesimama juu ya 5 na 6. Nani alizipima? 6 ya huyo jamaa alikuwa na mzigo ama alikuwa akienda harusini? Kenta tupu na kenta imejaa simiti si gari moja.

FundiSabaki
Hilo ndilo, na nililipitia haraka nakiri. Angalia ukali wake: Fielder ukikosea nusu kilomita, 18 ikawa 18.5, kwa mia umekosea lita 0.15, hata kikombe cha chai hakijai vizuri. Kenta ukikosea nusu hiyo hiyo, 5 ikawa 5.5, umekosea lita 1.8. Gari mlafi lataka lipimwe kwa makini mara nyingi zaidi.

KentaLaMalindi, 5 yako umeipataje?

KentaLaMalindi
Kusema kweli ni dereva alinambia.

FundiSabaki
Aa. Basi tuanze upya. Jaza mpaka pampu ikate yenyewe, usiongeze za juu. Andika kilomita. Nenda Mombasa na mzigo wako wa kawaida, rudi na mzigo wako wa kawaida, halafu jaza pampu ile ile, upande ule ule umesimama, mpaka ikate. Lita za kwenye risiti ndizo ulizokula. Usitumie mshale wa tangi. Na kama umeweka taira kubwa kuliko za kiwandani kilomita zako zitasoma chini ya ukweli, linganisha na ramani ya simu.

Bodaboda_Maweni
Na umwambie dereva asijue unapima 😂

*(siku nne baadaye)*

KentaLaMalindi
Nimerudi. Nilienda mwenyewe, dereva nikampa likizo. Kilomita 236, simu nayo ilisema karibu hivyo hivyo. Risiti ni lita 43.7. Nimegawa nimepata 5.4 kwa lita.

Mhasibu_Shela
Wacha leo nifanye mie nione kama nimejifunza. 43.7 kwa 236 ni 18.5 kwa mia. Ya jamaa kama ni 6 kweli ni 16.7. Tofauti 1.8 na kidogo, mara mia ishirini, ni lita 37 kwa mwezi. Na Fielder ilikuwa 40. Fundi!! Fielder imerudi mbele?

FundiSabaki
Umejifunza vizuri mpaka wanitisha. Ndiyo, zimelingana sasa, lita 3 si tofauti, hiyo yatosha kuliwa na upepo. Lakini mbili bado hazijapimwa. Probox 14 nayo yatoka wapi? Na 6 ya jamaa, kama aliipata tupu, ukiipakia yaweza kuwa sawa na yako, hapo waokoa sifuri. Kama aliipata imejaa, basi tupu ni zaidi na kenta yarudi mbele.

DerevaGarsen
Mwambie mwenye kenta mfanye safari moja kwa yake na mzigo wako. Akikataa umepata jibu.

KentaLaMalindi
Nimempigia sasa hivi. Kwanza alikuja juu, asema yeye si mwongo. Nikamwambia ami sijasema wewe mwongo, hata mimi yangu nilikuwa nasema 5 kumbe ni 5.4. Amekubali Jumamosi. Asema mafuta nilipe mie. Nimemwambia sawa, lakini simiti ni yangu, risiti ni yangu na pampu naichagua mie. Probox naipima kesho, kijana hajui.

Bodaboda_Maweni
Anajua, yuko humu asoma 😂